"Limenitoka" na "limenijia": lái na qù nyuma ya vitenzi vya Kichina

"Mwalimu, shikamoo. Ninafanya ukalimani kwenye duka la vipuri Kariakoo, Kichina nimesoma miaka miwili. Juzi jina la mteja lilinitoka, nikamwambia bosi 我想不出来他的名字 (wǒ xiǎng bu chūlái tā de míngzi). Akacheka, akaniambia niseme xiǎng bu qǐlái. Chūlai naijua, ni kutoka nje. Qǐlai ni kuinuka. Sasa jina linainukaje? Na hizi xiàlai, xiàqu, guòlai, guòqu zinazobandikwa kila mahali, nizikariri moja moja au kuna kanuni?"

Marahaba, mdogo wangu. Kosa lako limezaliwa na Kiswahili, tena Kiswahili kizuri. Sisi tunasema jina "limenitoka": lilikuwa kwangu, likaondoka. Kwa hiyo ulipotafuta neno la kusahau, ukaokota chū, kutoka. Lakini Mchina anaposema chūlai hatazami kitu kinavyomwacha. Anatazama kitu kinavyotoka kilikojificha na kumjia. Kwake yeye chūlai ni kupata. Ulichomwambia bosi wako ni kwamba umekuna kichwa weee, umeshindwa kumbunia yule mteja jina, kana kwamba mtu kajifungua na wewe umeombwa kuchagua jina la mtoto. Hapo hata mimi ningecheka.

Kanuni ipo, na imekaa kwenye kile kisilabi cha mwisho ambacho wanafunzi wengi hukitamka bila kukisikia: lái au qù, kuja au kwenda. Haifungui milango yote, na ile michache isiyofunguka nitakuonyesha. Ila kwanza turudi mlangoni kabisa, kwa sababu maana za mafumbo zote zimeanzia pale.

Uko ndani ya duka, mteja yuko nje anasita. Unamwambia "ingia", na kwa Kichina ni 进来 (jìnlai). Sasa uko nje, umeshika funguo, mwenzako yuko pembeni yako. Unamwambia "tuingie", na kwa Kichina ni 咱们进去吧 (zánmen jìnqu ba). Kiswahili kimetumia kitenzi kilekile, kuingia, na hakijajali wewe umesimama wapi. Nikikuambia "mwizi aliingia dukani", hujui kama nilikuwa ndani nikimwona anakuja au nilikuwa ng'ambo ya barabara nikimwona anapotelea. Mchina hana anasa hiyo. Atasema 跑进来了 (pǎo jìnlai le), na ukajua msimuliaji alikuwa ndani, au 跑进去了 (pǎo jìnqu le), na ukajua alikuwa nje. Askari anayeandika maelezo amepata habari nzima bila kuuliza.

Tazama pia mpangilio wake. Sisi tunaanza na njia, kisha tunaeleza namna: "aliingia mbio", "alitoka akichechemea". Wao wanaanza na namna, pǎo, kukimbia. Halafu njia, jìn, kuingia. Halafu upande wa msemaji, lái au qù. Mkia huo wa njia na upande ndio wanaouita 趋向补语 (qūxiàng bǔyǔ), kijalizo cha mwelekeo. Hiyo bǔ ndiyo ileile ya kutia kiraka nguo, na si picha mbaya: kitenzi kimekwisha kusemwa, kisha kinatiwa kiraka kinachosema kimefika wapi. Njia za kawaida ni 7: shàng kupanda, xià kushuka, jìn kuingia, chū kutoka, huí kurudi, guò kuvuka na qǐ kuinuka. Kila moja huunganishwa na lái au qù, isipokuwa qǐ, ambayo katika Kichina sanifu cha leo ina qǐlai tu. Hakuna qǐqu. Kwa hiyo una viraka 13 vya kawaida, na huo pengo wa qǐqu uukumbuke, tutaurudia.

Jambo moja la haraka la mpangilio, kwa sababu wanafunzi wangu wote wanaozungumza Kiswahili hulikosea: mahali hukaa kabla ya lái na qù, hapakai baada. "Amerudi nyumbani" ni 他回家去了 (tā huí jiā qù le). Ukisema huíqu jiā umetafsiri Kiswahili neno kwa neno.

Sasa tuingie kwenye mafumbo. Swali la kujiuliza kila mara ni lilelile la mlangoni: msemaji amesimama wapi? Kwenye mafumbo hakuna mlango, lakini bado kuna mahali pa kusimama. Wakati mwingine mahali hapo ni "sasa hivi", wakati mwingine ni "hali ya kawaida", wakati mwingine ni "mwangani, panapoonekana". Ukishajua msemaji kasimama wapi, lái ni kila kinachomjia na qù ni kila kinachomwacha.

Anza na xià, kushuka, kwa sababu hapa ushahidi uko wazi. Mwezi uliopita kwa Kichina ni 上个月 (shàng ge yuè), mwezi wa juu. Mwezi ujao ni 下个月 (xià ge yuè), mwezi wa chini. Umezitumia tangu wiki ya kwanza ya masomo, ila labda hukuwahi kushangaa. Maana yake wakati kwao unateremka kama maji ya mlimani: yaliyopita yako juu, yajayo yako chini, na wewe umesimama katikati ya mteremko. Kinachoteremka kutoka juu kikakufikia ulipo ni xiàlai. Kinachoteremka kuanzia ulipo kikaenda zake ni xiàqu.

Weka kitenzi kimoja, 坚持 (jiānchí), kushikilia bila kukata tamaa. Kijana kafanya kazi ngumu miaka mitatu, leo kamaliza mkataba. Unamsifu: 你坚持下来了 (nǐ jiānchí xiàlai le), umevumilia mpaka hapa, kutoka kule juu ulikoanzia hadi leo. Mwingine ana miezi mitatu tu na anataka kuacha. Unamtia moyo: 你要坚持下去 (nǐ yào jiānchí xiàqu), endelea kuvumilia, kuanzia leo kwenda huko chini. Ukizibadilisha, wa kwanza atadhani umemwongezea mkataba. Kwa njia hiyohiyo hadithi za mababu 传下来 (chuán xiàlai), zimerithishwa hadi kwetu, na mtu aliyenyamaza katikati ya maelezo unamwambia 说下去 (shuō xiàqu), endelea kusema. Wala usione ajabu qù kuwa na maana ya kuendelea, maana Kiswahili chenyewe kimefanya hivyohivyo: ndani ya "endelea" kuna "enda".

Xiàlai ina kazi ya pili ambayo inaonekana tofauti lakini ni mteremko uleule: kitu kilichokuwa kinaelea au kinakwenda kinatua. Gari 停下来 (tíng xiàlai), linasimama. Watoto 安静下来 (ānjìng xiàlai), wananyamaza. Namba ya simu inayoelea hewani mteja akiitaja, wewe 记下来 (jì xiàlai), unaiandika, na sasa imetua kwenye karatasi, haitapeperuka. Nikisikia mkalimani mchanga anasema jì qǐlai kwa kuandika namba najua hajaiona picha: namba huiinui, unaitua. Na kanzu unayovua, 脱下来 (tuō xiàlai), imetoka mwilini ikashuka.

Guò, kuvuka, ndiyo iliyonitia aibu mimi mwenyewe, kwa hiyo nitaieleza kwa kisa.

Nilikuwa mkalimani kwenye ujenzi wa barabara, saiti ya porini, jua la saa saba. Kibarua mmoja wa zege alianguka. Nikampigia simu msimamizi wa Kichina aliyekuwa kambini, nikapayuka: 他晕过来了 (tā yūn guòlai le). Yūn nilijua ni kuzimia. Guòlai niliibandika kwa sababu nilikuwa nimeizoea kwenye "njoo hapa". Upande wa pili kimya, halafu msimamizi akauliza polepole: 晕过去了还是醒过来了? (yūn guòqu le háishi xǐng guòlai le?). Amezimia, au amezinduka? Sentensi yangu ilikuwa na kichwa cha kuzimia na mkia wa kuzinduka, na yeye hakujua kama alete gari au la.

Kuna mstari, kama kijito. Upande huu ndipo sisi tuliopo: tuna fahamu, tunaona, tuko sawa. Anayezimia anavuka kwenda ng'ambo, 晕过去 (yūn guòqu). Anayezinduka anavuka kurudi kwetu, 醒过来 (xǐng guòlai). Mahali pa kusimama hapa ni hali ya kawaida. Ndiyo maana aliyekosea na sasa ameelewa 明白过来 (míngbai guòlai), na herufi iliyokosewa unaisahihisha, 改过来 (gǎi guòlai), unaivusha kuja upande wa usahihi. Huwezi kuisahihisha kwa guòqu, kwani utakuwa umeipeleka kwa wagonjwa. Dukani kwako utasikia pia 忙不过来 (máng bu guòlái), kazi zimezidi uwezo. Mimi huifikiria kama wateja wengi walioko ng'ambo ambao kila mmoja anatakiwa kuvushwa kuja kwangu, na mtumbwi ni mmoja.

Sasa tufike kwa chū na jìn, za kutoka na kuingia, ambazo ulidhani unazijua. Kwenye mafumbo msemaji husimama nje, penye mwanga, pamoja na watu wote. Ndani ni gizani: ndani ya kichwa, ndani ya moyo, ndani ya maana ya jambo. Kwa hiyo chūlai ni kitu kinachotoka gizani kikaonekana. 看出来 (kàn chūlai) ni kutazama mpaka ukang'amua. 听出来 (tīng chūlai) ni kusikiliza mpaka ukatambua, kwa mfano sauti ya nani kwenye simu. 算出来 (suàn chūlai) ni kupiga hesabu mpaka jibu likapatikana. 想出来 (xiǎng chūlai) ni kufikiri mpaka kitu ambacho hakikuwepo kikazuka: mbinu, wazo, jina la mtoto. Ndivyo ulivyoangukia kwenye kicheko cha bosi.

Kinyume chake ni jìnqu, kwenda ndani gizani. Mtu mkaidi unayemshauri, maneno hayamwingii: 他听不进去 (tā tīng bu jìnqù). Hapa Kiswahili na Kichina wamekutana kabisa, hata kitenzi ni kilekile. Angalia tu kwamba hata ukijisema mwenyewe, kwamba kitabu hakikuingii leo, utasema 我看不进去 (wǒ kàn bu jìnqù), kwa qù. Kichwa ni chako, lakini macho ya msemaji yamebaki nje kwenye ukurasa, yakitazama maneno yanavyogoma kuingia.

Kuna jozi moja ya chū ambayo peke yake ingetosha kwa somo zima. Mwenzako ana siri inayomtafuna. Unamwambia: 你说出来吧,我不会说出去 (nǐ shuō chūlai ba, wǒ bú huì shuō chūqu). Kwa Kiswahili: "Sema tu, sitamwambia mtu." Kitenzi ni kimoja, shuō, kusema, njia ni moja, chū, kutoka. Ya kwanza siri inatoka moyoni mwake inakuja kwangu, lái, na ni jambo jema, amepumua. Ya pili siri inatoka kwetu wawili inakwenda kwa watu, qù, na hiyo ni kuvujisha. Ukikosea silabi moja hapo umeahidi usichokusudia.

Imebaki qǐlai, yule mjane asiye na mwenzake. Njia nyingine zina kule na huku. Kuinuka kuna upande mmoja tu. Usiitafutie swali la msemaji kasimama wapi, kwa sababu haijibu. Hapa picha ni nyingine: kitu kilikuwa kimelala, sasa kimeamka. Jina la mteja wako ulikuwa nalo. Halikuondoka, lilizama chini ya kumbukumbu, na likiinuka tena juu ya maji ni 想起来 (xiǎng qǐlai), kukumbuka. Hapo sasa uone tofauti yote: ulichokijua ukakisahau kinainuka, qǐlai, usichowahi kuwa nacho kinatoka, chūlai. Kiswahili kinazifunika zote mbili kwa "limenijia": jina limenijia, wazo limenijia. Ukisikia kichwani mwako "-jia", simama ujiulize kama kitu hicho uliwahi kuwa nacho.

Kutoka kuamka tunapata kuanza. 大家笑起来了 (dàjiā xiào qǐlai le), watu wakaangua kicheko. Kicheko kimeamka chenyewe na kinaendelea. Usiibadilishe na 开始 (kāishǐ), kuanza kwa ratiba. Mkutano unaanza saa tatu kwa kāishǐ. Mvua na kilio huamka kwa qǐlai. Vilevile hali zinazopanda huchukua qǐlai: soko linachangamka, 热闹起来 (rènao qǐlai), taa zinawaka, mgonjwa anapata nafuu, 好起来 (hǎo qǐlai). Zinazotulia huchukua xiàlai: mwendo unapungua, 慢下来 (màn xiàlai), giza linaingia, 黑下来 (hēi xiàlai). Ila usije ukaigeuza hiyo kuwa sheria ya polisi. Kupungua mwili ni 瘦下来 ukifurahia kwamba umefikia ulipotaka, na 瘦下去 ukiwa na hofu kwamba mtu anazidi kukonda na hujui ataishia wapi. Yaani lái na qù zimerudi tena.

Matumizi ya qǐlai yanayowachanganya watu zaidi ni ya kutoa maoni: 看起来 (kàn qǐlai), 听起来 (tīng qǐlai), 吃起来 (chī qǐlai). Vitabu vinatafsiri "inaonekana", "inasikika", halafu wanafunzi wanakwama kwenye chī qǐlai, maana "inalika" haimaanishi hivyo. Mimi nimeacha kutafsiri hivyo. Tumia -ki- yetu na kila kitu kinakaa sawa. 这个菜看起来不怎么样,吃起来很香 (zhège cài kàn qǐlai bù zěnmeyàng, chī qǐlai hěn xiāng): chakula hiki ukikitazama si kitu, ukikila ni kitamu. Ukianza kukitazama, ukianza kukila: ni qǐlai ileile ya kuanza. 说起来容易,做起来难 (shuō qǐlai róngyì, zuò qǐlai nán): ukisema ni rahisi, ukitenda ni kazi.

Kwa hiyo usichanganye 看起来 na 看出来. Kàn qǐlai ni ukikitazama kinaonekana hivi, na mwenye sifa ni kitu chenyewe. Kàn chūlai ni wewe uliyeng'amua. "Bosi anaonekana amekasirika" ni 老板看起来很生气 (lǎobǎn kàn qǐlai hěn shēngqì). "Nimeng'amua kwamba bosi amekasirika" ni 我看出来老板很生气 (wǒ kàn chūlai lǎobǎn hěn shēngqì). Utakutana pia na 看上去 (kàn shàngqu), ambayo karibu ni sawa na kàn qǐlai lakini hubaki kwenye sura ya nje: macho yanapanda juu ya uso wa kitu na kuishia hapo. Ukibashiri kwamba mtu hatakuja leo, 看起来他不会来了, hapo kàn shàngqu haifai, kwa sababu hakuna sura unayoitazama.

Nimesema kuna milango isiyofunguka. Qǐlai ya kukusanya na kufunga ni mmojawapo: 收起来 (shōu qǐlai), kuhifadhi vitu vilivyotapakaa, 包起来 (bāo qǐlai), kufunga kifurushi, 藏起来 (cáng qǐlai), kuficha. Unaweza kusema vitu vilivyokuwa vimelala chini vinaokotwa pamoja, na kwa shōu inakubali. Kwa kuficha picha hiyo inalegea. Hizo kariri, si nyingi, na dukani kwako bāo qǐlai utaisikia mara ishirini kwa siku.

Nikurudishe saitini, nikuonyeshe zikifanya kazi pamoja. Baada ya ile simu ya aibu niliandika taarifa, na msimamizi akanisahihisha hadi ikawa hivi:

他晕过去了,十分钟以后才醒过来。我们扶他坐起来。他想不起来自己是怎么倒下去的。我看出来他一天没喝水。组长把他的名字记下来,说:不能再这样干下去了。

Tā yūn guòqu le, shí fēnzhōng yǐhòu cái xǐng guòlai. Wǒmen fú tā zuò qǐlai. Tā xiǎng bu qǐlái zìjǐ shì zěnme dǎo xiàqu de. Wǒ kàn chūlai tā yì tiān méi hē shuǐ. Zǔzhǎng bǎ tā de míngzi jì xiàlai, shuō: bù néng zài zhèyàng gàn xiàqu le.

Yaani: alizimia, akazinduka baada ya dakika kumi. Tukamwinua akakaa. Hakumbuki alivyoanguka. Niling'amua kwamba siku nzima hakunywa maji. Kiongozi wa kikundi akaandika jina lake, akasema hatuwezi kuendelea kufanya kazi namna hii.

Fuata miguu yake. Amevuka kwenda, guòqu, amevuka kurudi, guòlai. Ameinuka kwa mwili, zuò qǐlai, na hiyo si fumbo, ni kiuno na mgongo. Kumbukumbu imegoma kuinuka, qǐlái. Kuanguka kwake ni dǎo xiàqu, kwa qù, kwa sababu msimuliaji alimwona akienda chini. Lingekuwa gogo linalomwangukia yeye msimuliaji angesema xiàlai. Kiu yake iliyojificha imetoka mwangani, chūlai. Jina limetua daftarini, xiàlai. Na kazi, kuanzia sasa kwenda mbele, xiàqu, imekatazwa. Katika sentensi tano vitenzi ni vya kawaida kabisa, vya mwaka wa kwanza. Habari yote ya ziada imebebwa na mikia.

Mambo mawili ya ufundi kabla sijakuacha. La kwanza ni sikio. Kwenye mazungumzo mikia hii hupoteza toni, inatamkwa hafifu kama inayoanguka mezani, ndiyo maana hukuwahi kuisikia vizuri. Lakini ikiingizwa 不 (bu) au 得 (de) katikati, toni zinarudi kwa nguvu: xiǎng bu qǐlái, kàn de chūlái. Basi ukitaka kujua bosi ametumia mkia gani, subiri akanushe. Na hiyo bu ya katikati ni ya kushindwa, "siwezi kukumbuka". Ukitaka "sikukumbuka", yaani hukulipata tu wakati ule, ni 没想起来 (méi xiǎng qǐlai). Ukimwambia bosi méi xiǎng qǐlai kwa jambo alilokuagiza, umekiri kwamba lilikupita. Ukisema xiǎng bu qǐlái, umesema unajitahidi na bado.

La pili ni mahali pa kuweka shamirisho kwenye qǐlai ya kuanza. Lazima ikae katikati, ipasue mkia: mvua imeanza kunyesha ni 下起雨来了 (xià qǐ yǔ lái le), kamwe si xià qǐlai yǔ. Wameanza kuimba ni 唱起歌来 (chàng qǐ gē lái). Kwa mikia halisi ya kubeba na kutoa vitu una uhuru zaidi: 拿出一张纸来 na 拿出来一张纸 zote zinapita, na mwenye kusita atumie 把 (bǎ) aweke kitu mbele, kama ile ya jina hapo juu.

Na kuhusu mteja wako: xiǎng bu qǐlái tā de míngzi ni sahihi, mtihani wa HSK utakupa alama. Ila dukani, jina likikutoka mteja yuko mlangoni, utawasikia wenyewe wakinong'ona kwa ufupi zaidi: 他叫什么来着? (tā jiào shénme láizhe?), "anaitwa nani vile?" Ni ile "vile" yetu, ya kuuliza ulichokijua kikakuponyoka. Na hiyo lái iliyomo ndani ya láizhe usiitafutie mlango wala kijito. Si kiraka cha mwelekeo, ni neno dogo la mwisho wa sentensi, lina mambo yake.